Msiuze Kompyuta, Hamisheni Mchezo

Mabwenini kwetu kuna ushauri unaotolewa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajawahi kuufanyia jaribio hata moja. Mwanafunzi analalamika kwamba mchezo wake unamsumbua. Anaendesha gari kwa kasi katikati ya mji, mara barabara inageuka ukungu, majengo yanabaki kama maboksi yaliyopakwa tope, kisha baada ya sekunde kadhaa madirisha, mabango na nyufa za lami vinachomoza kwa mpigo. Na kabla hata ya kufika barabarani alikwisha kusubiri karibu dakika mbili mchezo ufunguke. Wataalamu wa bweni wanamjibu kwa kauli moja: "Kadi yako ya picha ni dhaifu. Uza kompyuta hiyo, tafuta nyingine."

Mimi napinga ushauri huo. Naupinga kwa sababu unatibu kiungo kisichougua, na kwa sababu gharama yake inabebwa na mtu ambaye fedha zake za matumizi ya muhula mzima hazifiki bei ya kompyuta mpya. Kwenye kompyuta mpakato nyingi kadi ya picha imeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, haichomoki. Kwa hiyo anayekuambia "badilisha kadi" anakuambia "badilisha kila kitu" bila kulitamka. Hoja yangu ni hii: picha zinazochelewa kuchomoza na kusubiri kurefu wakati wa kufungua mchezo ni dalili za diski iliyozidiwa, na dawa yake ni kuuhamisha mchezo huo mmoja kutoka diski ngumu kwenda SSD. Anayependekeza dawa nyingine sharti kwanza aonyeshe kipimo kinachoikana hoja hii.

Nitatumia mchezo wa Grand Theft Auto V kama mfano, kwa kuwa wengi wetu tunaufahamu. Ulitolewa kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, umeongezewa mambo mara nyingi tangu hapo, na leo unachukua zaidi ya gigabaiti 100. Kompyuta nyingi tulizo nazo zina RAM ya gigabaiti 8. Hapo hesabu ya kwanza inajitokeza yenyewe: mji wote hauwezi kukaa ndani ya RAM kwa pamoja. Mchezo unaweka pale sehemu inayokuzunguka tu, na kadiri unavyosonga unaitupa sehemu uliyoiacha nyuma na kuileta sehemu iliyo mbele. Kazi hiyo ya kuleta haikomi muda wote unaocheza, na anayeifanya ni diski.

Kitu kinacholetwa kwa wingi zaidi ni tekscha. Jengo ndani ya mchezo ni umbo tupu, mfano wa boksi. Tekscha ni picha bapa inayovikwa juu ya umbo hilo ili lionekane kuwa ukuta wa matofali, kioo au mabati yenye kutu. Mchezo huwa na nakala kadhaa za tekscha moja, ndogo yenye ukungu na kubwa iliyo wazi. Kama kubwa haijafika, mchezo hausimami kuingoja, unavika ile ndogo kwanza. Ukungu unaouona ni tekscha ndogo, na kule kuchomoza kwa ghafla ni tekscha kubwa inayowasili kwa kuchelewa. Angalieni basi: kadi ya picha imeshachora alichopewa mchoraji. Hakupewa rangi kwa wakati. Kumlaumu mchoraji kwa uvivu wa aliyetumwa kuleta rangi ni dhuluma.

Kwa nini diski inachelewa? Diski ngumu ni mashine yenye viungo vinavyotembea. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea juu yake kutafuta mahali data ilipo. Diski za kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kichwa kikishafika kwenye mstari unaotakiwa, kwa wastani hungoja nusu mzunguko ili data ipite chini yake, takriban milisekunde 5.5. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea, ambao ni kama milisekunde 10. Jumla tunaweza kuiweka milisekunde 16 kwa kila safari. Peke yake ni kufumba na kufumbua. Matatizo yanaanza safari zinapokuwa nyingi.

Tufanye hesabu moja kwa ukamilifu. Tuseme unakata kona kuingia mtaa mpya, na mchezo unahitaji vipande 400 vya data kutoka sehemu mbalimbali za diski, kila kimoja kilobaiti 64. Jumla yake ni megabaiti 25 hivi, kiasi kidogo sana. Lakini vipande hivyo vimetawanyika, kwa hiyo kichwa kitafanya safari 400. Zidisha 400 kwa milisekunde 16, unapata sekunde 6.4. Kama gari lako ndani ya mchezo linakwenda kilometa 108 kwa saa, ambazo ni meta 30 kwa sekunde, utakuwa umepita karibu meta 192 kabla ya mtaa huo kuvaa nguo zake. Umeshaumaliza mtaa, na tekscha zake zinafika wewe ukiwa mtaa unaofuata, ambao nao una safari zake 400.

SSD haina sahani wala kichwa. Data imo ndani ya chipu, na kufika mahali popote huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Safari zilezile 400, hata zikifanywa moja baada ya nyingine, zinatumia milisekunde 40. Ongeza muda wa kusafirisha megabaiti 25 kwa kasi ya megabaiti 500 kwa sekunde, ambao ni milisekunde 50. Yote kwa pamoja hayafiki sehemu moja ya kumi ya sekunde, na gari halijamaliza meta 3. Mchezo ni uleule, kadi ya picha ni ileile na RAM ni ileile.

Hapa ndipo wapinzani wangu hutoa hoja wanayoiona kuwa na nguvu kuliko zote. Husema: "Diski yangu ngumu ni nzima. Nikinakili filamu inakwenda megabaiti 100 kwa sekunde. Itashindwaje na megabaiti 25?" Hoja hii inastahili jibu kamili kwa sababu kipimo chenyewe ni cha kweli, ila kimepima kitu kingine. Filamu ni faili moja iliyolala kwa mfululizo. Kichwa kikishatua kinasoma tu bila kunyanyuka, kama mtu anayesoma kitabu kimoja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mchezo unamtuma mtu yuleyule maktabani akalete ukurasa mmoja kutoka kila kitabu katika vitabu 400. Megabaiti 25 zikiwa mfululizo, diski hiyohiyo huzisoma kwa robo ya sekunde. Zikitawanyika, ni sekunde 6.4. Mkifungua folda ya GTA V mtaliona jambo hili kwa macho: kuna faili kubwakubwa zenye majina kama `x64a.rpf`, `x64b.rpf` na kuendelea. Kuzinakili ni kazi rahisi kwa diski ngumu kwa kuwa kila moja ni ndefu na imenyooka. Kucheza ni kazi ngumu kwa kuwa mchezo unadokoa kipande hapa na kipande pale ndani ya faili hizohizo. Ndiyo maana hata kuipanga upya diski kwa programu ya Windows hakuleti nafuu kubwa. Kazi hiyo huunganisha vipande vya faili moja iliyokatika, lakini haibadilishi namna mchezo unavyorukaruka ndani ya faili.

Nani mwingine anayekubaliana nami? Waliotengeneza michezo yenyewe. Mwezi Machi 2020 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa mfumo wa PlayStation 5, alieleza hadharani jinsi michezo ya kizazi kilichotangulia ilivyoteswa na diski ngumu. Alitoa mfano wa mchezo wa Spider-Man, ambamo vitu vya kawaida vya mitaani, kama masanduku ya barua, vilirudiwa kwenye diski hadi mara 400. Havikurudiwa kwa uzembe. Vilirudiwa ili popote kichwa cha diski kilipo, nakala moja iwe karibu na kisilazimike kusafiri mbali. Wahandisi walikuwa tayari kupoteza nafasi kubwa ili kupunguza safari. PlayStation 5 ikatoka mwaka huohuo ikiwa na SSD. Mwaka 2023 watengenezaji wa Cyberpunk 2077 nao walibadilisha masharti ya chini ya mchezo wao, diski ngumu ikaondolewa na SSD ikawa lazima. Sasa nauliza: kama waliojenga miji hiyo wanasema diski ndiyo kikwazo, mtaalamu wa bweni ameitoa wapi habari ya kadi?

Lakini sitaki msomaji aniamini kwa sababu ya majina makubwa. Apime mwenyewe, na kipimo hiki hakina gharama. Fungua Task Manager kwa kubonyeza `Ctrl+Shift+Esc`, ingia `Performance`, chagua diski yenye mchezo. Windows itaandika pale kama ni `HDD` au `SSD`. Acha dirisha hilo wazi, ingia mchezoni, endesha gari kwa kasi mpaka ukungu utokee, kisha rudi haraka kwa `Alt+Tab` utazame mchoro wa dakika iliyopita. Kama `Active time` imegota kwenye asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa megabaiti 3 au 5 tu kwa sekunde, umemkamata mhalifu. Diski inafanya kazi bila kupumzika na bado inaleta kidogo, kwa sababu muda wake unaishia njiani.

Ukishathibitisha, kazi inayobaki ni kuhamisha. Hapa napambana na ushauri wa pili mbaya, unaosema: "Futa mchezo, kisha upakue upya kwenye SSD." Tupige hesabu. Gigabaiti 110 kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 176,000, karibu saa 49 mfululizo bila umeme kukatika, na data yote hiyo inalipiwa. Kunakili kutoka diski moja kwenda nyingine ndani ya kompyuta, hata diski ngumu ikisoma kwa megabaiti 60 tu kwa sekunde, ni nusu saa hivi. Hakuna sababu yoyote ya kununua kwa mara ya pili kitu kilichomo ndani ya kompyuta yako.

Nieleze kazi tuliyoifanya na jirani yangu wa bwenini, kwa kuwa inafanana na hali ya wengi. Kompyuta yake mpakato ni ya mitumba, ina RAM ya gigabaiti 8, diski ngumu ya terabaiti 1 na kisoma DVD ambacho hajakitumia tangu ainunue. Fundi mmoja alikuwa amemwambia aiuze. Badala yake alinunua SSD ya SATA ya gigabaiti 480 na kikasha cha plastiki kinachoingia mahali pa kisoma DVD. Vikasha hivyo vina unene wa aina mbili, milimeta 9.5 na 12.7, kwa hiyo tulikitoa kisoma DVD na kukipima kwa rula kabla ya kwenda dukani. SSD ya gigabaiti 240 ingetosha mchezo huu na mmoja mwingine, ila ya 120 ingekuwa kujidanganya: Windows huihesabu kuwa gigabaiti 111, na mchezo peke yake ungeijaza mpaka shingoni.

Tulipoiwasha kompyuta, SSD haikuonekana. Wengi hukata tamaa hapa na kuirudisha dukani wakidai ni mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa mpya tu. Diski mpya lazima iandaliwe kwanza: unaandika `diskmgmt.msc` kwenye kisanduku cha kutafutia, unakubali kuianzisha, unaipa muundo wa NTFS na herufi. Tahadhari ni moja, hakikisha ukubwa unaouona ni wa diski mpya, maana kuiandaa diski kwa makosa ni kufuta kila kilichomo. Yetu ilipewa herufi E.

Aliyenunua mchezo kupitia Steam ana njia fupi. Anaingia `Settings`, kisha `Storage`, anaongeza diski mpya. Halafu anabonyeza jina la mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua `Properties`, `Installed Files`, na mwisho `Move install folder`. Akimaliza, hapohapo kuna `Verify integrity of game files`, ambayo hukagua kila faili na kupakua zile tu zilizoharibika. Jirani yangu alikuwa na mchezo nje ya Steam, kwenye folda ya kawaida, kwa hiyo tulitumia amri za Windows zenyewe. Tulifungua `cmd` na kuanza na kunakili:

```
robocopy "D:\Games\GTAV" "E:\Games\GTAV" /E
```

Nilichagua `robocopy` kwa makusudi. Umeme ukikatika katikati na betri ikaisha, unaandika amri ileile tena, nayo inaruka faili zilizokwisha kunakiliwa na kuendelea na zilizobaki. Ilipomaliza, hatukufuta folda ya zamani. Tuliibadilisha jina, kisha tukaweka mahali pake kiungo kinachoelekeza kwenye SSD:

```
ren "D:\Games\GTAV" GTAV_zamani
mklink /J "D:\Games\GTAV" "E:\Games\GTAV"
```

Faida ya kiungo ni kwamba njia ya mkato iliyoko kwenye skrini na kizinduzi cha mchezo vinaendelea kuamini kwamba mchezo uko D, kumbe kila kinachosomwa kinatoka E. Michezo iliyohifadhiwa haiguswi kabisa, kwa sababu GTA V huiweka kwenye `Documents\Rockstar Games\GTA V\Profiles`, nje ya folda ya mchezo. Folda ya zamani tuliifuta baada ya siku tatu za kucheza bila kasoro.

Tulipima kabla na baada. Kipimo cha haki kina sharti moja: zima kompyuta na uiwashe upya kila mara kabla ya kupima. Windows huhifadhi kwenye RAM faili ilizozisoma karibuni, kwa hiyo mchezo ukifunguliwa mara ya pili huonekana wa haraka hata kwenye diski ngumu, na wengi wamedanganyika hapo. Tukianza mahali palepale palipohifadhiwa, kuingia kwenye hadithi ya mchezo kulichukua dakika 1 na sekunde 52 kwenye diski ngumu, na sekunde 41 kwenye SSD. Mitaa iliyokuwa ikivaa ukungu ilikuja ikiwa imekamilika. Idadi ya fremu kwa sekunde ilikuwa 36 kabla, na 36 baada.

Takwimu hiyo ya mwisho naiweka wazi kwa sababu hapo ndipo wauzaji nao huanza uongo wao. SSD haiongezi fremu. Aliyeahidiwa kwamba mchezo unaokwenda kwa fremu 20 utakwenda 60 kwa sababu ya SSD ameuziwa ndoto. Fremu ni kazi ya kadi na prosesa. Vilevile msinunue SSD ya NVMe ya bei ya juu kama kompyuta yenu haina mahali pa kuichomeka. Na hata ikiwa napo, kuruka kutoka diski ngumu kwenda SSD ya SATA ndiyo hatua kubwa. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mchezo wa umri huu, tofauti ni ndogo, kwa sababu baada ya data kufika prosesa bado ina kazi ya kuifumua kutoka hali ya kubanwa, na kazi hiyo haina habari na aina ya diski.

Haki inanidai pia niseme si kila ukungu unatoka kwenye diski. Namna ya kutofautisha ni kusimama. Simamisha gari mbele ya jengo lenye ukungu uhesabu polepole. Likijisafisha baada ya sekunde kadhaa, ilikuwa diski. Lisipojisafisha hata ukingoja dakika nzima, basi tekscha kubwa haina mahali pa kukaa, kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, au ubora umewekwa chini. Kwenye mipangilio ya picha ya GTA V kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu hiyo inavyotumika, na ukivuka kikomo, punguza ubora. Aina ya tatu ni kitu kinachochomoza mahali palepale kila mara, hata ukikisogelea kwa miguu, taratibu. Huo ni uamuzi wa mchezo kuhusu umbali wa kuanza kuonyesha vitu, unabadilishwa kwa `Distance Scaling`, wala SSD haiugusi.

Na kusubiri nako hakufanani. Mwaka 2021 mpenzi mmoja wa michezo alichunguza kwa nini GTA Online, ule upande wa kucheza na wengine, ulichukua dakika nyingi kufunguka hata kwenye kompyuta nzuri. Aligundua kwamba programu ilikuwa ikisoma faili ya maandishi ya megabaiti 10 hivi kwa njia ya kizembe, ikirudia kuhesabu urefu wake kwa kila kipande inachokisoma, na prosesa ndiyo iliyozama humo. Marekebisho yake yalipunguza kusubiri kwa karibu asilimia 70, na kampuni ya Rockstar ikayakubali na kuyaingiza kwenye mchezo mwezi Machi mwaka huo. SSD isingeliondoa tatizo hilo. Mnaona basi kwamba sisemi SSD ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema kipimo kitangulie dawa, na kipimo kikisema diski, tusizungumzie kadi.

Zimebaki hoja mbili za upande wa pili. Ya kwanza: "Punguza tu ubora wa tekscha, ni bure." Ni kweli ni bure, na asiye na namna aifanye. Lakini tazameni inapunguza nini. Inapunguza ukubwa wa kila kipande, na ukubwa haukuwa tatizo. Kilobaiti 64 zikiwa 16, safari bado ni safari, na milisekunde 16 za kufika hazipungui hata moja. Unabaki na mji mbaya unaochelewa badala ya mji mzuri unaochelewa.

Ya pili: "SSD hufa haraka, haiwezi kuandikwa mara nyingi." Ni kweli chipu zake huchakaa kwa kuandikwa, lakini kucheza ni kusoma. Kuhamisha mchezo ni kuandika gigabaiti 110 mara moja. Watengenezaji huahidi makumi ya terabaiti za kuandika hata kwa SSD ndogo. Ukichukua ahadi ya terabaiti 80, kuhamisha kwako kumetumia chini ya sehemu moja kati ya 700. Kinachopaswa kuogopwa ni kuijaza kabisa, maana SSD iliyojaa hupungua kasi sana inapoandikwa. Iachieni nafasi, walau sehemu moja ya kumi.

Wenzangu, anayewaambia muuze kompyuta mwombeni kitu kimoja tu: awaonyeshe Task Manager wakati ukungu unatokea. Kama `Active time` ya diski iko chini na kadi ndiyo iliyogota kwenye asilimia 100, msikilizeni, huenda ana haki. Kama diski ndiyo iliyogota, mshukuruni kwa muda wake, kisha mkatafute bisibisi na rula.